Fedha zitaingia lini? Kukadiria makusanyo ya robo ijayo kutoka kwenye ankara ambazo hazijalipwa

Makadirio mengi ya makusanyo niliyowahi kukabidhiwa niyakague yalikuwa na kosa moja: mtu amechukua orodha ya ankara ambazo hazijalipwa, akapanga kila ankara kwenye mwezi ambao tarehe yake ya kulipwa inaangukia, kisha zile zilizokwishapita tarehe akazirundika zote kwenye mwezi wa kwanza. Jumla inapendeza. Mwezi wa kwanza unapoisha, nusu ya fedha hazijaonekana, na mhasibu anaanza kuzisogeza mbele wiki baada ya wiki.

Tarehe iliyoandikwa kwenye ankara ni makubaliano. Mazoea ya mteja ni jambo jingine, na makadirio yanapaswa kujengwa juu ya mazoea. Nitaeleza namna ya kufanya hivyo kwa mfano mmoja tutakaoufuata hadi mwisho: kampuni inayowauzia vifungashio wateja wa biashara, ikikadiria tarehe 30 Juni fedha zitakazoingia Julai hadi Septemba. Kiasi chote kiko katika maelfu, kwa sarafu yoyote unayotumia.

Hatua ya kwanza: safisha orodha kabla ya kuikadiria

Toa orodha ya ankara zote ambazo hazijalipwa kufikia 30 Juni, uhakikishe jumla yake inalingana na salio la wadaiwa kwenye leja kuu. Zisipolingana, usiendelee. Mara nyingi tofauti inatokana na malipo yaliyokwishaingia benki lakini hayajapachikwa kwenye ankara yake, kwa sababu mteja alilipa kwa mkupuo bila kusema analipia nini. Fedha hizo ukiziacha zikielea, utakadiria kupokea kwa mara ya pili kitu ambacho tayari umekipokea.

Kisha tazama kiasi chenyewe. Unachokadiria ni fedha zitakazogusa akaunti ya benki, kwa hiyo ankara inabaki na kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, hata kama kodi hiyo utaipeleka serikalini baadaye. Kwa mteja anayekata kodi ya zuio, ondoa kile atakachokata. Kwa aliyerudisha mzigo, ondoa krediti noti hata kama bado hujaiandika.

Kwenye mfano wetu, baada ya kusafisha, zimebaki ankara saba zenye jumla ya 7,400:

| Mteja | Kiasi | Tarehe ya kulipwa |
|---|---|---|
| Kiwanda | 1,200 | 10 Julai |
| Kiwanda | 800 | 24 Julai |
| Msambazaji | 900 | 5 Juni |
| Msambazaji | 600 | 20 Julai |
| Maduka | 2,000 | 18 Julai |
| Maduka | 1,500 | 22 Julai |
| Mteja mdogo | 400 | 20 Aprili |

Kwa njia ya tarehe za ankara, 7,400 zote zingewekwa Julai. Kumbuka namba hiyo.

Hatua ya pili: pima siku za kuchelewa za kila mteja

Fungua lahajedwali na uweke ankara za zamani, kila moja kwenye mstari wake: safu ya A jina la mteja, B tarehe ya kulipwa, C tarehe fedha zilipoingia benki. Safu ya D ni siku za kuchelewa:

```
=C2-B2
```

Aliyelipa mapema atapata namba hasi, na hiyo ni sawa. Tarehe ya C itoke kwenye taarifa ya benki. Tarehe ambayo karani aliingiza risiti kwenye mfumo inaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na uzembe wa ofisi yako usihesabiwe kuwa tabia ya mteja. Ankara iliyolipwa kwa awamu mbili igawe mistari miwili.

Hapa kuna mtego ambao hata wahasibu wazoefu hunaswa nao. Ukichukua ankara zilizotolewa miezi miwili iliyopita na kupima zile zilizolipwa tu, utaona wateja wote ni wepesi, kwa sababu za wale wazito bado hazijalipwa na hazimo kwenye hesabu yako. Ili kuukwepa, chukua ankara ambazo tarehe yake ya kulipwa ilipita zamani kiasi kwamba hata mlipaji mzito ameshapata muda wa kulipa. Mimi huacha nje miezi minne ya karibuni na kutumia kama mwaka mmoja wa nyuma yake. Ikiwa tabia ya mteja imebadilika ghafla katika miezi hiyo minne, litazame hilo peke yake kwa macho.

Kiwanda kina ankara 12 zilizolipwa, zilizochelewa siku 3, 5, 6, 6, 7, 8, 8, 9, 10, 11, 14 na 40. Wastani wake ni karibu siku 11, lakini ukiitazama orodha utaona ni ankara mbili tu kati ya 12 zilizovuka siku 11. Hiyo 40 ndiyo imeuvuta wastani juu, na ukirudi kwenye barua za wakati ule utakuta ilikuwa na mgogoro wa idadi ya katoni. Tumia namba ya katikati, yaani panga zote kwa ukubwa na uchukue iliyo katikati. Hapa ni 8, na inabaki 8 hata ukiitoa ile 40. Hii ndiyo sababu naiamini kuliko wastani: haitikiswi na tukio moja.

Mteja mwenye malipo chini ya manane hivi hana historia ya kutosha kumsimamia peke yake. Waweke wa aina yake pamoja, kwa mfano wateja wadogo wote wenye muda wa siku 30, uwapime kama kundi.

Hatua ya tatu: tofautisha mlipaji wa siku na mlipaji wa kalenda

Kampuni yenye maduka mengi inaonekana kama mteja asiyetabirika. Ankara moja imechelewa siku 7, nyingine 34, nyingine 12. Lakini achana na siku za kuchelewa, panga tarehe zenyewe za malipo: 25 Februari, 25 Machi, 25 Aprili, 25 Mei. Mteja huyu hachelewi ovyo. Ana siku moja ya malipo kwa mwezi. Ukipiga simu kwa mhasibu wao na kuuliza, atakwambia kwamba tarehe 25 wanalipa kila ankara iliyofikia muda wake kabla au ifikapo tarehe 20.

Kwa mteja wa namna hii, namba ya katikati haina maana yoyote. Unachohitaji ni kalenda yake. Ile 2,000 ya 18 Julai italipwa 25 Julai. Ile 1,500 ya 22 Julai imepitwa na tarehe 20 kwa siku mbili, kwa hiyo itasubiri hadi 25 Agosti. Siku nne tu zinatenganisha ankara hizo mbili, lakini malipo yake yanatengana kwa mwezi mzima. Ni jambo la kuuliza mapema kwa kila mteja mkubwa: mnalipa siku gani, na ankara lazima iwe imefika hatua gani ili iingie kwenye malipo ya siku hiyo?

Hatua ya nne: ankara iliyokwishachelewa ina hesabu yake

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Msambazaji ana ankara kumi za nyuma, zilizochelewa siku 10, 12, 15, 18, 20, 22, 35, 48, 55 na 60. Namba ya katikati ni 21. Leo, 30 Juni, ana ankara ya 900 iliyopaswa kulipwa 5 Juni, yaani imeshachelewa siku 25. Kwa kanuni ya siku 21, ilipaswa kuwa imelipwa siku nne zilizopita. Mtu atasema basi inakuja wiki hii. Wiki ijayo atasema hivyohivyo tena.

Jiulize: kati ya ankara za nyuma za mteja huyu, ni zipi zilifika siku 25 bila kulipwa? Ni nne tu, za 35, 48, 55 na 60. Zile sita za haraka hazituhusu tena, kwa sababu ankara yetu imeshaonyesha kwamba si mojawapo yao. Namba ya katikati ya hizo nne ni kama 52. Kwa hiyo matarajio ya haki ni kwamba bado kuna karibu siku 27 mbele yetu. Angalia pia jinsi siku zake zinavyojipanga: kundi moja linaishia 22, halafu kuna pengo, halafu linaanza kundi la pili. Mara nyingi pengo kama hilo linamaanisha kuna sababu mbili tofauti. Kwa msambazaji, sababu ya pili huwa kwamba na yeye anasubiri kulipwa na wateja wake.

Kwenye lahajedwali, ukiwa na jina la mteja katika G2 na siku ambazo ankara imeshachelewa katika H2, fomula ni hii:

```
=MEDIAN(FILTER(D2:D200,(A2:A200=G2)*(D2:D200>H2)))
```

Inafanya kazi kwenye Google Sheets na matoleo ya karibuni ya Excel. Kwa ankara ambayo muda wake haujafika, H2 itakuwa namba hasi, na fomula itachukua historia yote kama inavyopaswa. Ikirudisha kosa, maana yake mteja huyu hajawahi kuchelewa kiasi hicho. Usilifunike kosa hilo kwa namba ya kubuni. Ni ishara kwamba kuna jambo, na ankara hiyo iende hatua ya sita.

Hatua ya tano: gawanya ankara za mlipaji mzito kwa miezi

Kwa mteja ambaye siku zake za kuchelewa hazitawanyiki sana, tarehe moja inatosha. Ya 1,200 ya kiwanda tunaiweka 18 Julai na ya 800 tunaiweka 1 Agosti, tukikumbuka kwamba hii ya pili iko mpakani na inaweza kutua Julai.

Msambazaji tunamgawanya. Hesabu siku 35, 48, 55 na 60 kutoka 5 Juni, utapata 10 Julai, 23 Julai, 30 Julai na 4 Agosti. Tatu kati ya nne ziko Julai, kwa hiyo 675 tunaiweka Julai na 225 Agosti. Ankara yake ya 600 muda wake haujafika, kwa hiyo historia yote kumi inahusika: moja ingeangukia Julai, sita Agosti, tatu Septemba. Tunapata 60, 360 na 180.

Lakini elewa maana ya namba hizi. Msambazaji hatalipa 675. Atalipa 900 au hatalipa kitu. Mgawanyo unafaa kwa jumla ya robo na kwa kampuni yenye ankara nyingi, ambako makosa ya huku na kule yanafutana. Unapopanga mishahara ya mwisho wa Julai, 675 isihesabiwe kana kwamba ipo mkononi. Kwa kazi hiyo mimi huchukua tarehe ya mwisho kabisa katika historia, yaani 4 Agosti, na kupanga kana kwamba Julai haina kitu kutoka kwake.

Hatua ya sita: ondoa zilizokwama kwenye hesabu

Ile 400 ya mteja mdogo ina mgogoro: anasema mzigo haukutimia, nasi tunasema ulitimia. Historia haiwezi kukwambia mgogoro utaisha lini. Iweke sifuri na uiandike pembeni, pamoja na jina la mtu anayeshughulikia na hatua inayofuata. Hati ya makabidhiano yenye saini ikipatikana, irudishe kwenye hesabu.

Kwa zilizochelewa kupita kawaida, piga simu, lakini angalia unauliza nini. "Mtalipa lini?" hujibiwa "wiki ijayo" na mtu mwenye adabu ambaye hataki kukuudhi. Uliza, "Ankara hii imeshaidhinishwa? Imeidhinishwa na nani? Imo kwenye orodha ya malipo ya tarehe ngapi?" Majibu ya maswali haya yanaweza kuhakikiwa. Ahadi yoyote utakayopewa iandike na tarehe yake. Baada ya miezi michache utajua ahadi za nani zina uzito.

Hatua ya saba: ongeza ankara ambazo bado hujazitoa

Jumlisha tulichonacho mpaka sasa. Julai ni 1,200, 675, 60 na 2,000, jumla 3,935. Agosti ni 800, 225, 360 na 1,500, jumla 2,885. Septemba ni 180 tu.

Mambo mawili yanaonekana. Julai imekuwa karibu nusu ya ile 7,400 ya tarehe za ankara. Na Septemba iko karibu tupu, si kwa sababu biashara imekufa, ila kwa sababu fedha za Septemba zitatokana na mauzo ya Julai na Agosti, ambayo ankara zake hazijaandikwa.

Chukua oda zilizothibitishwa tu. Kiwanda kina oda ya 700 kila mwezi, ankara hutolewa tarehe 15, muda siku 30. Ukiongeza kuchelewa kwake kwa siku 8, ya 15 Julai inaingia 22 Agosti na ya 15 Agosti inaingia 22 Septemba. Ya 15 Septemba ni ya robo nyingine. Ni vizuri kujua siku ya mwisho kwa kila mteja: rudi nyuma siku 38 kutoka 30 Septemba, utafika 23 Agosti. Ankara ya kiwanda itakayotolewa baada ya hapo usiitegemee kwenye robo hii, mteja awe mzuri namna gani.

Maduka yana oda mbili za 1,600, muda siku 45. Ankara ya 5 Julai inafikia muda wake 19 Agosti na kulipwa 25 Agosti. Ankara ya 5 Agosti inafikia muda wake 19 Septemba na kulipwa 25 Septemba. Sasa tazama: mzigo wa Agosti ukichelewa kutoka ghalani siku tatu, ankara itaandikwa 8 Agosti, muda wake utafika 22 Septemba, na 1,600 zitaingia 25 Oktoba. Kuchelewa huko si kwa mteja. Ni kwetu. Nimewahi kumpelekea mkuu wa ghala karatasi yenye mstari huu mmoja tu, na mzigo ukatoka siku yake.

Msambazaji hana oda iliyothibitishwa, kwa hiyo hatumwongezei kitu.

Matokeo: Julai 3,935, Agosti 5,185, Septemba 2,480, jumla 11,600. Kando yake andika hesabu ya tahadhari, ambamo msambazaji analipa kwa tarehe zake za mwisho na mzigo wa Agosti wa maduka umechelewa: Julai 3,200, Agosti 5,500, Septemba 1,300, jumla 10,000. Mpe anayepanga matumizi namba zote mbili, pamoja na sababu ya tofauti. Asipojua kwamba pengo la 1,600 linatokana na tarehe moja ya kutoka ghalani, hataweza kufanya lolote kulihusu.

Hatua ya nane: ijaribu kwa robo iliyokwishapita

Kabla hujaipeleka kwa yeyote, rudi 31 Machi. Tumia yale tu uliyoyajua siku ile, kadiria Aprili hadi Juni kwa njia hii, kisha linganisha na taarifa za benki. Ugumu ni kujizuia usichungulie: kama historia ya msambazaji unayoitumia ina malipo ya Mei, umeshajipa majibu.

Kwenye mfano wetu, makadirio yalisema 3,600, 2,400 na 3,000. Zilizoingia ni 2,900, 2,700 na 2,800. Jumla imepungua 600, lakini usiishie kwenye jumla. Upungufu wa 700 wa Aprili ni vitu viwili: 400 ya mteja mdogo, ambayo mgogoro wake ulizuka baadaye, na 300 ya msambazaji iliyotua Mei. Upungufu wa 200 wa Juni ni krediti noti ya mzigo uliorudishwa. Kosa la muda ni lile la 300 peke yake, na hilo ndilo njia hii inaweza kulirekebisha. Mengine mawili yanatoka ghalani na kwenye mauzo: kuhesabu katoni kabla ya kutoka, na kuandika krediti noti siku mzigo unaporudi. Ukirefusha siku za kuchelewa za wateja wote ili kufidia lile pengo la 600, utakuwa umeharibu sehemu iliyokuwa sahihi.

Kila Jumatatu, ingiza malipo ya wiki iliyopita na uache fomula ihesabu upya, kwa sababu kila ankara inayobaki imezeeka siku saba na ile H2 yake imebadilika. Makadirio ya 30 Juni yahifadhi kama yalivyo, usiandike juu yake. Utayahitaji Oktoba, utakapokaa tena na taarifa za benki mkononi.